Saiti imekabidhiwa kwa kuchelewa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu notisi, ratiba ya kukomboa muda na kuharakisha kazi

Ukurasa huu ni wa makandarasi wa Dar es Salaam na watu wao wa saiti: meneja mradi, mkadiriaji majenzi, mhandisi wa ratiba, hata karani anayepeleka barua. Majibu mengi yanafuata masharti ya FIDIC, kitabu chekundu cha mwaka 1999, kwa kuwa bado kinatumika sana. Mikataba mingine ina swali lake karibu na mwisho.

Mfano ni mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni jengo la ofisi la ghorofa nne upande wa Temeke. Muda wa mkataba ni siku 300, kazi inaanza na saiti yote inakabidhiwa tarehe 13 Januari, na jengo linatakiwa kukamilika tarehe 8 Novemba. Siku ya makabidhiano nusu ya magharibi ilikuwa tupu. Nusu ya mashariki ilikuwa bado na vibanda vya mafundi seremala na nguzo mbili za umeme, na mkandarasi aliipata tarehe 24 Februari, siku 42 baadaye. Tarakimu za mfano nimezirahisisha ili hesabu ionekane.

Mwajiri anasema vibanda vitaondoka "wiki ijayo". Niandike notisi sasa au nisubiri saiti ikabidhiwe?

Andika sasa. Kifungu cha 20.1 kinakupa siku 28 tangu ulipojua, au ulipopaswa kujua, kwamba kuna jambo linalokupa haki ya muda au fedha. Siku hizo hazihesabiwi tangu jambo lilipokwisha. Mkandarasi wetu alijua tarehe 13 Januari asubuhi, aliposimama kwenye uzio akaona vibanda vimejaa watu. Siku ya 28 ni tarehe 10 Februari, na saiti ilikabidhiwa tarehe 24. Aliyesubiri makabidhiano ili "awe na idadi kamili ya siku" amechelewa wiki mbili nzima, na kifungu kinasema wazi kwamba asiyetoa notisi kwa wakati hapati nyongeza ya muda wala malipo.

Hili ndilo kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko yote, na linaniuma, kwa sababu mara nyingi anayelifanya ni mkandarasi mstaarabu asiyetaka kumkwaza mwajiri mwezi wa kwanza. Notisi si ugomvi. Haihitaji idadi ya siku wala kiasi cha fedha. Inasema tu kwamba jambo limetokea.

Tulilizungumza kwenye kikao cha saiti na likaingia kwenye muhtasari. Halitoshi?

Usilitegemee. Notisi inatakiwa iwe ya maandishi, ipelekwe kwa Mhandisi kwa anwani iliyo kwenye mkataba, na ieleze tukio linalozaa dai. Muhtasari unaandikwa na mtu mwingine kwa maneno yake, na mara nyingi sentensi yake ni "mkandarasi alieleza changamoto ya eneo". Sentensi hiyo haidai kitu. Peleka barua, nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa ukiwa na tarehe, uihifadhi kwenye faili lake.

Barua yenyewe isemeje?

Fupi inatosha:

"Yah: Notisi chini ya vifungu 2.1 na 20.1, kutokabidhiwa sehemu ya mashariki ya saiti. Kwa mujibu wa Kiambatisho cha Zabuni, tulipaswa kupewa saiti yote tarehe 13 Januari. Leo tumekabidhiwa sehemu ya magharibi peke yake. Sehemu ya mashariki, kuanzia mstari wa nguzo D hadi G, ina vibanda na nguzo mbili za umeme, kama inavyoonekana kwenye picha zilizoambatishwa. Hali hii inatuchelewesha na itatuongezea gharama. Tunatoa notisi kwamba tutadai nyongeza ya muda chini ya kifungu 8.4, pamoja na gharama na faida ya haki chini ya kifungu 2.1. Athari bado inaendelea. Tutawasilisha maelezo kwa vipindi. Tunaendelea na kazi upande wa magharibi."

Angalia mistari ya nguzo. "Sehemu ya mashariki" peke yake itabishaniwa miezi minane baadaye, wakati vibanda vimeshasahaulika. "Mstari D hadi G" uko kwenye mchoro na hauhami. Halafu angalia lugha. Mikataba yetu mingi inataja Kiingereza kuwa lugha ya mawasiliano, kwa hiyo barua rasmi itaenda kwa lugha hiyo. Rasimu ya Kiswahili inabaki na faida yake: msimamizi wako wa saiti anajua hasa kampuni imedai nini, na anachoandika kwenye daftari kinafanana na barua.

Nimepewa nusu. Nikianza kazi, si nitaonekana nimekubali?

Anza. Ukikaa bure wakati nusu ya eneo iko wazi, siku hizo ni zako. Ila hati ya makabidhiano usiisaini kama ilivyo iwapo inasema "saiti yote". Andika kwa mkono, juu ya sahihi yako, kwamba umepokea mstari A hadi C tu, kisha weka tarehe. Tarehe 24 Februari saini hati ya pili kwa ajili ya D hadi G. Karatasi hizo mbili zina nguvu kuliko barua kumi.

Saiti imechelewa siku 42. Nadai nyongeza ya siku 42?

Hapana, si moja kwa moja, na madai mengi yanavunjikia hapa. Swali la Mhandisi si saiti ilichelewa siku ngapi. Anauliza tarehe ya kumaliza jengo imesukumwa siku ngapi. Jibu lake liko kwenye mnyororo mkuu wa ratiba, yaani zile kazi ambazo moja ikichelewa siku moja, jengo zima linachelewa siku moja.

Ratiba ya mwanzo, ile iliyowasilishwa kwa Mhandisi chini ya kifungu 8.3, ilionyesha uchimbaji wa misingi ukianzia magharibi kwa siku 14, kisha kijiko kinahamia mashariki tarehe 27 Januari. Kwa hiyo hata kama vibanda visingekuwepo, hakuna ambaye angegusa mashariki kabla ya tarehe 27. Kutoka tarehe hiyo hadi 24 Februari ni siku 28. Siku 14 za kwanza zilimsumbua kila mtu, lakini hazikulichelewesha jengo.

Je, isingewezekana magharibi iendelee kupanda peke yake? Mhandisi ataliuliza hili, na ni haki yake. Kwenye mfano huu misingi na nguzo fupi za magharibi ziliendelea, ila boriti za chini na jamvi vinapita kutoka A hadi G bila kiungo cha kutenganisha, na mchoro wa nondo unaonyesha hivyo. Ambatisha mchoro huo. Kama jengo lako lina kiungo katikati, hesabu inabadilika na siku zako zitapungua.

Ukidai 42 ilhali ratiba yako mwenyewe inasema 28, kinachokuponyoka ni zaidi ya zile siku 14: barua zako zote zinazofuata zitasomwa kwa shaka. Dai 28, uziweke wazi.

Ucheleweshaji umenisukuma hadi masika. Mvua nayo inadaiwa?

Inadaiwa, mradi uieleze kwa njia yake. Masika ya Machi hadi Mei ni ya kawaida hapa Dar. Ukidai hali ya hewa mbaya isiyo ya kawaida utaulizwa ni nini kisicho cha kawaida kwa mvua ya Aprili, na utashindwa. Hoja yako ni nyingine: saiti ingekabidhiwa kwa wakati, uchimbaji na zege la misingi ya mashariki vingefanyika kati ya 27 Januari na 10 Machi, kwenye ukavu. Kwa sababu ya kuchelewa, kazi hiyo hiyo imeangukia kati ya 24 Februari na 7 Aprili. Mvua hiyo imezaliwa na kuchelewa kwa saiti, na notisi yako ya kwanza imekwisha kufungua mlango.

Kisha daftari la saiti lizae ushahidi. "Mvua, kazi imesimama" haina uzito. Hii ina uzito: "Mtaro wa msingi mstari E, maji sentimita 40 saa 2 asubuhi, pampu moja imevuta hadi saa 7 mchana, upande wa kusini umeporomoka, mafundi nondo 9 wamehamishiwa mstari B, kijiko kimesimama siku nzima." Msimamizi wa Mhandisi akiweka sahihi pembeni siku hiyo hiyo, hakuna atakayebisha mwezi wa kumi. Kwa kumbukumbu za namna hiyo, mfano wetu ulipata siku 8 za mvua. Ukijumlisha na 28 unapata 36, na tarehe ya kumaliza inasogea kutoka 8 Novemba hadi 14 Desemba.

Maelezo kamili ya dai nayapeleka lini?

Ndani ya siku 42 tangu ulipojua. Kwenye mfano siku ya 42 ni tarehe 24 Februari, siku ile ile ya makabidhiano, wakati mvua haijaanza. Usihangaike: athari ikiwa inaendelea, unalolipeleka linahesabiwa kuwa dai la awali, si la mwisho, unaleta nyongeza kila mwezi, na dai la mwisho ndani ya siku 28 baada ya athari kwisha.

Nyongeza ya muda na ratiba ya kukomboa muda si kitu kimoja?

Ni vitu viwili, na kuvichanganya kumewagharimu wengi. Nyongeza ya muda ni haki yako: tarehe inasogezwa kwa sababu kosa si lako, na faini ya kuchelewa haikugusi katika siku hizo. Ratiba ya kukomboa muda pamoja na kuharakisha ni pendekezo lako: kwa gharama kadhaa, unaweza kumrudishia mwajiri baadhi ya siku alizozipoteza mwenyewe.

Niliwahi kufanya kazi na mkandarasi ambaye, saiti ilipochelewa, aliandika barua yenye heshima iliyoishia na maneno "tutajitahidi kufidia muda uliopotea ili mradi ukamilike kwa tarehe iliyopangwa", na akaambatisha ratiba mpya yenye kazi za usiku na tarehe ile ile ya zamani. Hakutaja nyongeza wala gharama. Miezi saba baadaye faini ilipoanza kukatwa, barua hiyo ndiyo iliyosomwa mezani. Kila aliyekuwepo aliona kwamba tulikuwa tumejifunga kwa mikono yetu.

Kwa hiyo wasilisha ratiba mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni ratiba iliyorekebishwa bila kuharakisha, inayoishia 14 Desemba. Hiyo ndiyo haki. Ya pili ni ya kukomboa muda, yenye tarehe ya mapema na bei yake, na juu yake iandikwe kwamba itaanza kutumika baada ya makubaliano ya maandishi kusainiwa, na kwamba haifuti dai la nyongeza.

Nipendekeze hatua zipi?

Chagua chache zinazogusa mnyororo mkuu. Kuongeza mafundi rangi wakati kinachobana ni slabu hakusogezi tarehe hata siku moja. Kwenye mfano zilikuwa mbili.

Ya kwanza ni seti ya pili ya mbao na mirunda. Kwa seti moja kila slabu ilichukua siku 21, kwa kuwa slabu ya juu ilisubiri mbao za chini zitolewe. Kwa seti mbili, nguzo na mbao za slabu inayofuata zinaanza huku seti ya kwanza imebaki mahali pake, na mzunguko unashuka hadi siku 16. Slabu ya kwanza haina inachosubiri, kwa hiyo faida inapatikana kwenye tatu zilizobaki: siku 5 mara 3, siku 15. Bei ni shilingi milioni 38.

Ya pili ni saa za ziada kwenye kuta na plasta kwa wiki 8. Hapa sheria inakuwekea dari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizidi 50 katika kila wiki nne, zikilipwa si chini ya mara moja na nusu. Tulipanga saa 12 kwa wiki, yaani 48 katika wiki nne. Wiki 8 ni saa 96. Kwa siku ya saa 7.5 zinakaribia siku 13 kwenye karatasi, lakini fundi aliyechoka hajengi tofali la saa ya kumi kwa kasi ya tofali la saa ya pili. Tukahesabu siku 9. Mafundi na vibarua 60, kila mmoja akiongezewa nusu ya shilingi 2,400 kwa saa, ni 6,912,000. Ukiongeza kasi iliyopungua, usimamizi, taa na usafiri wa kuwarudisha watu nyumbani Mbagala na Gongo la Mboto, inafika milioni 14.

Ratiba ya kukomboa muda inayotegemea zamu ya usiku kila siku na Jumapili zote ichunguzwe vizuri. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya angalau asilimia 5, na siku ya mapumziko ya wiki inalipwa mara mbili. Ukiona ratiba ina saa nyingi kuliko sheria inavyoruhusu, ujue siku zilizoahidiwa hazitapatikana.

Bei niionyesheje ili mwajiri aweze kuamua?

Mwonyeshe pande zote mbili. Hatua hizo zinarudisha siku 24 kati ya 36, na jengo linakamilika 20 Novemba badala ya 14 Desemba. Gharama ni milioni 52. Lakini zile siku 24 kama zingebaki, mwajiri angelipia gharama zako za kukaa saiti: walinzi, ofisi, stoo, usimamizi, mitambo. Kwenye mfano ni shilingi 1,150,000 kwa siku, jumla 27,600,000. Nyongeza halisi kwake ni 24,400,000, karibu milioni moja kwa kila siku anayoirudisha. Siku 12 zilizobaki anakupa nyongeza ya muda na gharama zake. Mwajiri anayelipa pango kwingine atajua mara moja kama bei hiyo inamfaa. Asiye na haraka atachagua 14 Desemba, nawe hupungukiwi kitu.

Siku 36 zote zingeweza kukombolewa, kwa bei kubwa zaidi. Nashauri uache siku chache. Ratiba isiyo na mwanya wowote inavunjika lori la nondo likikwama siku mbili tu.

Kuna kazi zisizoharakishwa?

Zege. Mbao za pembeni zinatoka mapema, lakini mirunda inayobeba slabu inasubiri matokeo ya vipande vya kupima nguvu ya zege, si kalenda ya meneja. Tuliokoa siku 5 kwenye kila mzunguko kwa kununua mirunda zaidi; hatukuing'oa mapema. Ukiona ratiba inapunguza mzunguko wa slabu bila kuongeza seti, uliza mirunda hiyo inatoka wapi. Plasta nayo ipewe muda wa kukauka kabla ya rangi, hasa wakati wa unyevu wa masika, la sivyo rangi itatoka mabaka.

Mhandisi ananiamuru niharakishe na hataki kusikia habari ya malipo. Anaruhusiwa?

Kifungu 8.6 cha kitabu cha 1999 kinamruhusu kudai ratiba mpya na juhudi za ziada kwa gharama yako pale tu ambapo kuchelewa hakutokani na sababu zinazokupa nyongeza ya muda. Kutokupewa saiti ni mojawapo ya sababu hizo. Mjibu kwa adabu, ukitaja notisi yako na tarehe iliyopokelewa, umwombe athibitishe kwa maandishi anatumia kifungu kipi. Kitabu cha mwaka 2017 kimeliweka sawa: kifungu 8.7 kinamruhusu kuagiza uharakishaji hata pale sababu si yako, ila agizo hilo linashughulikiwa kama badiliko la kazi lenye malipo.

Mkataba wangu si wa FIDIC.

Tafuta vifungu vya namna tatu. Mikataba ya kazi ndogo inayofuata mfano wa Benki ya Dunia inataja kutokabidhiwa sehemu ya saiti kuwa tukio la fidia, inakutaka utoe tahadhari mapema, na ina kifungu cha kuharakisha ambapo meneja wa mradi anakuomba pendekezo lenye bei kabla ya kuanza. Mwendo ni ule ule, siku na namba za vifungu ndizo zinazotofautiana. Zisome kwenye mkataba wako, si kwenye mkataba wa jirani. Kitabu cha FIDIC cha 2017, kwa mfano, kimebakiza siku 28 za notisi lakini kinatoa siku 84 kwa dai kamili.

Nimewasilisha pendekezo, wiki tatu zimepita, kimya. Nianze kununua mirunda?

Usinunue. Kama mwajiri ni taasisi ya umma, badiliko la mkataba linapaswa kupita bodi ya zabuni, na "endelea tu, tutamalizana" ya simu haitalipika. Endelea na ratiba ya kwanza, ile ya 14 Desemba. Mwandikie Mhandisi kwamba bei yako ina mwisho: slabu ya pili ikianza kabla seti ya pili haijafika, siku 15 zinakuwa 10, ikianza ya tatu, zinabaki 5. Taja tarehe ya kila hatua kwenye barua hiyo, kisha peleka ratiba iliyosahihishwa kila tarehe moja inapopita.